Kurudia Kifaransa cha Kidato cha Nne kwa Daftari la Makosa: Mwongozo wa Wiki Kumi

Mwishoni mwa Agosti, mpwa wangu alikuja kwangu Kirumba, Mwanza, akiwa na madaftari matatu ya Kifaransa, yote yameandikwa kwa mwandiko mzuri na wino wa rangi mbili. Alikuja pia na karatasi ya mtihani wa utimilifu yenye alama ambazo hakutaka mama yake azione kabla yangu. "Mjomba," akasema, "kila kilichotoka nilikuwa nimekisoma."

Nilimwamini, kwa sababu nafundisha Kifaransa tuisheni na nimeiona hali hiyo mara nyingi. Mtoto anajua kanuni ukimuuliza, lakini akiandika aya yake mwenyewe kanuni hiyo haonekani kuifuata. Kumrudisha kwenye madaftari yale aanze ukurasa wa kwanza kungekuwa kumpotezea muda. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, wiki zilizobaki zilikuwa kumi, na ana masomo mengine yanayomdai kila usiku. Tukaanza na kitu ambacho hakimo katika madaftari yake mazuri, yaani makosa yake mwenyewe.

Aya ya kwanza, bila kamusi

Kabla ya kupanga ratiba, mpe mtoto karatasi tupu, saa, na mada nyepesi kutoka maisha yake. Aandike kwa dakika ishirini na tano bila kamusi, bila daftari na bila kuuliza mtu. Mwambie mapema kwamba karatasi hiyo haitapewa alama. Akijua itapewa alama, ataandika yale tu aliyo na uhakika nayo, na wewe utakosa kuona ugonjwa ulipo.

Mpwa wangu nilimpa mada ya Jumamosi iliyopita. Alikuwa amekwenda na shangazi yake soko la Mwaloni, hapa hapa Kirumba, na aliandika hivi:

*Samedi dernier, j'ai allé au marché de Kirumba avec ma tante. Le marché est très grand. Ma tante a acheté le poisson et les tomates. Une femme de Bukavu a parlé avec nous, mais je n'ai pas compris tout. Apres nous avons retourné à la maison. Notre maison est petit. Nous avons mangé et nous sommes fatigué.*

Ni maneno yasiyofika sitini, na habari inaeleweka tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo nilimwambia kwanza, kwa sababu ni kweli: ana msamiati wa kutosha na hakwami. Kisha tukahesabu makosa, yakawa tisa.

Hesabu yenyewe haina faida usipoyagawa kwa aina. Mawili yalikuwa ya kitenzi kisaidizi: *j'ai allé* na *nous avons retourné*. Mawili yalikuwa ya upatanisho: nyumba ni ya jinsi ya kike lakini ameiita *petit*, na yeye na shangazi ni wanawake wawili lakini wamebaki *fatigué*. Mengine mawili yalikuwa ya neno dogo linalotangulia nomino, pale aliponunua *le poisson* na *les tomates*. Halafu kukawa na moja la wakati (*nous sommes*, ilhali habari ni ya juzi), moja la mpangilio (*pas compris tout*), na moja la alama juu ya herufi (*Apres*).

Aya iliyosahihishwa ni hii:

*Samedi dernier, je suis allée au marché de Kirumba avec ma tante. Le marché est très grand. Ma tante a acheté du poisson et des tomates. Une femme de Bukavu a parlé avec nous, mais je n'ai pas tout compris. Après, nous sommes rentrées à la maison. Notre maison est petite. Nous avons mangé et nous étions fatiguées.*

Angalia *allée* na *rentrées*. Alipokuwa akitumia *avoir*, upatanisho haukuhitajika pale, kwa hiyo kosa la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Ukirekebisha kitenzi kisaidizi, mlango wa upatanisho unafunguka hapo hapo. Ndiyo maana tuliamua kwamba wiki nne za kwanza zitakuwa za mambo hayo mawili tu. Yale mengine yaliandikwa daftarini yakasubiri zamu yake.

(*Retourner* si kosa kwa maana ya kurudi mahali, ila anayerudi nyumbani kwake kwa kawaida Kifaransa humpa *rentrer*.)

Kwa nini sikio linatudanganya

Kiswahili kinaandikwa kinavyosikika. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili akitaka kuhakiki alichoandika, anajisomea kwa sauti, na kikisikika sawa anaamini kimeandikwa sawa. Kwenye Kifaransa mazoea hayo yanamwangusha. *Allé* na *allée* zinatamkwa vilevile. *Fatigué*, *fatiguée* na *fatiguées* hazitofautiani masikioni. *Je parle*, *tu parles* na *ils parlent* ni sauti moja yenye maandishi matatu.

Kwa hiyo usahihishaji lazima ufanywe kwa macho na kwa kalamu, neno kwa neno. Nilimpa mpwa wangu kalamu ya kijani, nikamwekea utaratibu wa kupita aya yake mara tatu, kila safari akitafuta kitu kimoja.

Safari ya kwanza ni ya vitenzi peke yake. Anapigia mstari kila kitenzi na kukiuliza: nani anatenda, ni lini, na kama ni wakati uliopita, kisaidizi ni *être* au *avoir*? Safari ya pili ni ya nomino. Kila nomino inachorewa mshale kwenda kwa kila neno linaloifuata kisarufi: *le* au *la*, kivumishi, na kitenzi kilichotanguliwa na *être*. Safari ya tatu ni ya vitu vidogo, yaani alama juu ya herufi, *du* na *des*, na sentensi za kukanusha.

Anayejaribu kutafuta yote kwa safari moja huona machache. Nimejaribu mwenyewe kusahihisha kazi za wanafunzi hivyo nikiwa nimechoka, na siku ya pili nikakuta nimeruka makosa ya wazi.

Upatanisho tunaujua tayari

Watoto wengi huambiwa kwamba jinsi ya kike na ya kiume ni jambo geni lisilo na mfano kwetu. Mimi naona ni kinyume. Sisi tuna ngeli. Mtoto wa Mwanza hawezi kusema "kiti mzuri" wala "barua kimefika", na hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha. Kwa Kiswahili tunasema *barua imefika*, ile *i-* ikiitikia barua. Kwa Kifaransa ni *la lettre est arrivée*, ile *e* ya mwisho ikiitikia *lettre*. Kazi ni ile ile, ila sisi tunaitikia mwanzoni mwa neno na wao mwishoni.

Nilimwambia mpwa wangu aione Kifaransa kama lugha yenye ngeli mbili, ya *le* na ya *la*, na asijifunze nomino yoyote ikiwa uchi. Asiandike *maison* ni nyumba. Aandike *une petite maison* ni nyumba ndogo. Maneno matatu yanakaa pamoja kichwani kama sisi tunavyokaa na "kiti kidogo". Tunatumia *un* na *une* badala ya *le* na *la* kwa sababu mbele ya irabu, *le* na *la* zote mbili hugeuka kuwa *l'*, kama *l'école*, na jinsi inapotea machoni.

Mfano huu wa ngeli una mpaka wake. Nomino zetu nyingi zinaonyesha ngeli usoni, kama kiti na viti. Za Kifaransa mara nyingi hazionyeshi. Miisho michache husaidia: maneno yanayoishia na *-tion* karibu yote ni ya kike, na yale ya *-ment* karibu yote ni ya kiume. Ya *-age* kwa kawaida ni ya kiume, lakini *une page*, *une image* na *une plage* zinakataa, na mtoto anayekaa kando ya ziwa ataihitaji *plage* siku moja. Zaidi ya hapo ni kukariri nomino pamoja na *un* au *une* yake.

Nimeshuka au nimeshusha?

Kwenye kitenzi kisaidizi tulikaa muda mrefu zaidi, na sijutii.

Vitenzi vinavyochukua *être* katika wakati uliopita si vingi, na vitabu huvipanga kwenye mchoro wa nyumba yenye ngazi. Mpwa wangu alikuwa ameukariri mchoro huo na bado akaandika *j'ai allé*. Tukauacha. Nikamwambia anisimulie safari yake ya meli kwenda kwa bibi yake Ukerewe, hatua kwa hatua, na kila hatua tukaiandika.

*Je suis arrivée au port. Je suis entrée dans le bateau. Je suis montée en haut. Je suis restée en haut. Je suis descendue à Nansio. Je suis allée chez ma grand-mère. Je suis partie le dimanche. Je suis revenue à Mwanza.*

Amefika, ameingia, amepanda, amebaki, ameshuka, amekwenda, ameondoka, amerudi. Ziongezwe *venir*, *sortir*, *tomber*, *devenir*, *rentrer*, *naître* na *mourir*, na hapo umeshika karibu vyote anavyohitaji mtoto wa kidato cha nne. Vitenzi vyenye *se* mbele, kama *je me suis levée*, navyo vimo katika kundi la *être*. Safari hiyo aliisimulia kila asubuhi kwa wiki moja, mara ni yeye, mara ni kaka yake (*il est arrivé*), mara ni wote wawili (*ils sont arrivés*), mara ni yeye na bibi (*nous sommes parties*). Ni dakika tano akiwa anasubiri chai.

Kisha tatizo likahamia kwingine. Wiki ya tatu aliandika *je suis marchée* na *je suis descendu les sacs*. Hili hutokea karibu kila mara, na mzazi asilione kama mtoto amerudi nyuma. Kanuni mpya imemwingia kwa nguvu na sasa anaimwaga kila mahali.

Dawa ya *descendre* ipo ndani ya Kiswahili. Sisi tunatofautisha kushuka na kushusha, kutoka na kutoa, kuingia na kuingiza. Kifaransa kinatumia kitenzi kimoja kwa maana zote mbili, na kisaidizi ndicho kinachozitenganisha. Nimeshuka ni *je suis descendue*. Nimeshusha mizigo ni *j'ai descendu les sacs*. Nimetoka ni *je suis sortie*, nimetoa daftari ni *j'ai sorti le cahier*. Kabla ya kuandika, aisemee moyoni kwa Kiswahili: ikitoka kama *shusha*, *toa* au *ingiza*, kisaidizi ni *avoir*, na ile *e* ya kike haimhusu tena.

Kuna mahali kipimo hiki kinakosea. Kwa Kiswahili tunasema nimepanda ngazi, lakini Wafaransa husema *j'ai monté l'escalier*, kwa sababu ngazi imetajwa moja kwa moja baada ya kitenzi bila *à*, *dans* au *sur* katikati. Kwa hiyo kipimo cha pili ni kutazama kama kitenzi kimeshika nomino yake moja kwa moja.

Dawa ya *marcher* ni kukariri tu. Kutembea, kukimbia, kuogelea na kusafiri ni mwendo, lakini vyote vinachukua *avoir*: *j'ai marché, j'ai couru, j'ai nagé, j'ai voyagé*. Atakayeambiwa kwamba vitenzi vya mwendo huchukua *être*, akaishia hapo, atakosea vyote vinne.

Wiki moja inavyokwenda

Tulipanga dakika arobaini kwa siku, siku tano, na kipindi kirefu kimoja Jumamosi baada ya kila wiki mbili. Mpwa wangu alichagua saa kumi na moja alfajiri kwa sababu usiku umeme unaweza kukatika na wadogo zake bado wanacheza sebuleni. Mwingine atachagua jioni. Ninachosisitiza ni kwamba siku ya kuandika na siku ya kusahihisha zisiwe moja. Ukisahihisha hapo hapo, macho yanasoma ulichokusudia badala ya kilichopo kwenye karatasi. Ukilala usiku mmoja, kosa linaonekana.

Jumatatu anaandika aya ya maneno kama mia moja kwa dakika ishirini na tano, kwa mada ya aina inayotokea katika mitihani ya miaka iliyopita. Dakika zinazobaki anasoma kadi zake, nitakazozieleza.

Jumanne anapita na kalamu ya kijani safari zake tatu, sasa akiwa na kamusi na jedwali la vitenzi. Kila kosa linaingia kwenye daftari la makosa. Ukurasa una safu tatu: nilichoandika, kinachotakiwa, na sababu kwa maneno yake mwenyewe. Safu ya tatu ndiyo inayofanya kazi. Mpwa wangu mwanzoni aliandika "kanuni" au "sarufi" hapo, maneno yasiyosema kitu. Nikamtaka aandike kama anamweleza mdogo wake. "Nyumba ni *une*, kwa hiyo ndogo inapata *e*." Asiyeweza kuijaza safu hiyo hajalielewa kosa lake, na hapo ndipo aniulize mimi au mwalimu wake.

Kuna jambo moja nililomkataza: kunakili aya yote upya kwa usafi baada ya kusahihisha. Inachukua nusu saa, inapendeza, na mkono unanakili huku akili imelala.

Jumatano ni siku ya kosa moja. Anachukua aina iliyojitokeza zaidi jana na kutunga sentensi kumi za Kiswahili zinazoihusu, kisha anazigeuza kuwa Kifaransa. Kwa mfano akiwa kwenye *du* na *des*: Mama amenunua mchele. Hakununua samaki. Amenunua kilo moja ya nyanya. Napenda samaki. Sentensi nne hizo zinatoa majibu matatu tofauti: *Maman a acheté du riz. Elle n'a pas acheté de poisson. Elle a acheté un kilo de tomates. J'aime le poisson.* Kiswahili hakiweki chochote mbele ya mchele wala samaki, ndiyo maana hatuna hisia ya jambo hili na lazima tulijenge kwa mkono. Baada ya kukanusha na baada ya kipimo inabaki *de* peke yake. Baada ya kupenda au kuchukia kitu kwa ujumla inarudi *le*, *la* au *les*.

Alhamisi ni kusoma kifungu kimoja cha ufahamu kutoka mtihani wa zamani na kujibu maswali yake. Hapa sina mengi. Soma maswali kwanza, usikwame kwa neno moja, na ujibu kwa sentensi kamili pale swali linapotaka sentensi kamili.

Ijumaa ni imla. Hata pale ambapo mtihani hauna imla, hakuna zoezi linalofundisha herufi zisizosikika kama hili. Asiye na mtu wa kumsomea atumie idhaa ya RFI, ambayo ina taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, *Journal en français facile*, pamoja na maandishi yake mtandaoni. Ni ngumu kwa kidato cha nne, kwa hiyo msichukue yote. Chukueni sentensi tatu za mwanzo. Sikiliza mara moja bila kuandika, mara ya pili ukisimamisha kila baada ya maneno machache na kuandika, mara ya tatu kuhakiki, kisha fungua maandishi ulinganishe. Makosa yanaingia kwenye daftari lile lile.

Imla itafichua pia masikio. Sauti ya *u* katika *tu* si ile ya *tout*. Ile ya pili ndiyo *u* yetu, na ya kwanza hatuna: weka midomo kama unapiga mluzi kisha sema *i*. *Vin*, *vent* na *vont* zinatoka puani kwa namna tatu tofauti. Na sisi tuliokulia Usukumani, ambao *r* na *l* hubadilishana nafasi midomoni mwetu, tusikilize kwa makini *lire* na *rire*, *la loi* na *le roi*. Mpwa wangu aliandika kwamba mfalme alikuwa anacheka kitabu. Haikuwa kosa la sarufi, na bila imla nisingelijua.

Bahasha tatu

Kadi tulizikata kwenye karatasi ya manila, ukubwa wa nusu ya kiganja. Upande mmoja ni sentensi ya Kiswahili aliyoikosea kwa Kifaransa, upande wa pili ni sentensi sahihi. Sentensi nzima, si neno. Kadi zinakaa katika bahasha tatu za kaki. Ya kwanza inafunguliwa kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu mara moja kwa wiki.

Kadi mpya inaanza bahasha ya kwanza. Akiipata bila kusita, inahamia ya pili, kisha ya tatu. Akiikosa popote ilipo, inarudi ya kwanza. Na kuipata maana yake ni kuiandika sahihi pamoja na herufi zake za mwisho, kwa kuwa kuitamka tu hakuthibitishi kitu, kama nilivyoeleza. Siku ambayo kadi za bahasha ya kwanza zimezidi kumi na tano, siku hiyo haongezi mpya.

Utajuaje kama inafaa

Kila Jumanne andikeni kwenye jalada la ndani idadi ya makosa ya kila aina katika aya ya jana. Msitazame jumla peke yake. Jumla inaweza kubaki pale pale wakati mtoto anasonga mbele, kwa sababu ameanza kuandika sentensi ndefu zaidi. Wiki ya tano mpwa wangu alikuwa na makosa saba katika maneno mia moja na kumi, na hakuna hata moja lililokuwa la *être* na *avoir*. Manne yalikuwa ya nyakati, na hapo ndipo tulipohamia.

Kwenye nyakati nilimpa mwongozo mmoja wa Kiswahili. Tukio lililotokea likaisha, lile ambalo ungelisema kwa *-li-* kavu, linakwenda *passé composé*: tulikula, *nous avons mangé*. Hali iliyokuwepo, au jambo lililokuwa likiendelea, lile ambalo ungelisema kwa "alikuwa ana-" au "tulikuwa tume-", linakwenda *imparfait*: mvua ilikuwa inanyesha, *il pleuvait*, tulikuwa tumechoka, *nous étions fatiguées*. Mazoea ya zamani, kama "kila Jumapili tulikuwa tunakwenda kanisani", nayo ni *imparfait*, hata pale Mswahili anapofupisha na kusema "tulikwenda". Hapo kipimo chetu kinayumba, na neno la kutafuta ni *kila*.

Kusahihisha mwenyewe hakuoni kila kitu. Baada ya kila wiki mbili, aya moja ipelekwe kwa mwalimu ikiwa tayari imepitiwa kwa kijani. Atakachokiongeza mwalimu kwa nyekundu ndicho mtoto asichokijua kabisa, nacho ni tofauti na anachokijua akapitiwa. Nyekundu zikijirudia za aina moja, aina hiyo inaongezwa kwenye zile safari tatu.

Wiki tatu za mwisho

Wiki hizi hazina kanuni mpya. Jumamosi zote ni mtihani kamili wa mwaka uliopita, kwa muda ulioandikwa juu ya karatasi yake, mezani, simu ikiwa chumba kingine. Jumatatu anaandika barua, kwa kuwa barua ina sehemu zinazoweza kukaririwa salama: *Mwanza, le 3 novembre 2025*, jina la mwezi likiwa na herufi ndogo, *Chère amie* kwa rafiki wa kike na *Cher ami* kwa wa kiume, *Amicalement* mwishoni. Barua rasmi inaanza *Monsieur* au *Madame* na inaishia *Veuillez agréer, Monsieur, mes salutations distinguées*, neno la mwanzo likirudiwa ndani ya hitimisho.

Lakini insha nzima asikariri. Nimesoma insha za wanafunzi walioulizwa juu ya siku waliyougua wakajibu juu ya likizo, kwa sababu likizo ndiyo waliyokuwa nayo kichwani.

Kosa linaloharibu barua zaidi ni kuanza na *tu* na kumaliza na *vous*. Mpwa wangu alijiwekea kanuni kwamba anayestahili shikamoo anapewa *vous*. Inafaa kwa mwalimu mkuu, daktari na mtu asiyemjua. Haifai kwa mama na shangazi, ambao Kifaransa cha leo huwaita *tu* bila kuwavunjia heshima. Akishachagua, apitie barua yote kuhakikisha *ton* na *ta* hazijachanganyika na *votre*.

Siku ya mtihani anatenga dakika kumi na tano za mwisho. Kalamu ya kijani haiingii nayo, ila safari tatu zinaingia. Tulikubaliana kwamba muda ukimbana hata akabaki na dakika tano, afanye ile ya kwanza peke yake: kidole kwenye kila kitenzi, nani, lini, *être* au *avoir*, na kama ni *être*, atazame herufi ya mwisho.